Tupeane uzoefu: ulipoacha digitalWrite ukaandika PORTB mwenyewe, nini kilikupata?

Mfugaji wa Njoro
Habari zenu. Naanza na yangu, kisha nanyi mseme. Nina bruda ya vifaranga hapa Njoro. Arduino Uno inaendesha feni ya volti 12 kupitia mosfeti iliyo kwenye pini 9. Joto likizidi, `analogWrite(9, 120)` inaizungusha polepole, na likishuka nilikuwa naizima kwa `digitalWrite(9, LOW)`. Haikuwahi kugoma. Kisha nikasoma kwamba kuandika kwenye rejista ni haraka zaidi, nikabadilisha mstari wa kuzima:

```
PORTB &= ~(1 << 1);
```

Usiku huo feni haikuzima. Alfajiri nikakuta vifaranga wamerundikana kona moja, wanne wamekufa kwa baridi. Kilichonitesa zaidi ni kwamba kitufe cha kupitisha hewa, ambacho huwasha feni kwa 255, kiliizima vizuri kwa mstari uleule. Nilichapisha PORTB kwenye skrini, biti ya 1 ikawa 0 kama nilivyotaka, na feni bado inazunguka. Nikaongeza `digitalRead(9)` nione hali ya pini yenyewe, feni ikazima! Nikaiondoa, tatizo likarudi. Sasa nimerudia digitalWrite na feni inatii, lakini sijaelewa.

Kijana wa Kakamega
Pole kwa vifaranga. Mimi nadhani mosfeti yako imeungua. digitalWrite na PORTB hufanya kazi ileile, tofauti ni kasi tu. Nilipima kwa oskiloskopu chuoni: digitalWrite moja ilichukua karibu mikrosekunde 4, PORTB nanosekunde 125. Tangu siku hiyo sijaigusa tena digitalWrite.

Mama Duka, Nakuru
Hata mimi poti inanisumbua. Nikichomeka bodi kwenye laptopu, poti haionekani kabisa kwenye orodha. Nibadilishe waya?

Fundi wa Kondele
Mama Duka, hiyo ni poti ya USB, hapa tunazungumzia pini za chipu. Lakini ndiyo, jaribu waya mwingine kwanza. Kuna nyaya za kuchajia simu ambazo hazipitishi data.

Mfugaji, mosfeti yako ni nzima. Kijana yuko sahihi kuhusu kasi, ila hizo mikrosekunde 4 hazipotei bure. digitalWrite hutafuta kwenye jedwali pini 9 ni biti gani ya poti gani, kisha huangalia kama pini hiyo ina taimeri. Ikiwa nayo, huitenganisha na taimeri kwanza, ndipo iandike. Pini 9 ni PB1, na taimeri 1 inaweza kuishika. Ukiita `analogWrite(9, 120)`, taimeri ndiyo inayotawala pini. Biti ya PORTB unaiandika na inaandikika, ndiyo maana uliiona 0, lakini pini haiisikilizi.

Kitufe kilifanya kazi kwa sababu analogWrite ikipewa 255 haitumii taimeri kabisa, huita digitalWrite HIGH. Na digitalRead nayo hutenganisha taimeri kabla ya kusoma. Kwa hiyo kipimo chako chenyewe kilikuwa kinatibu ugonjwa uliokuwa unautafuta. Ukitaka rejista, itenganishe mwenyewe:

```
TCCR1A &= ~(1 << COM1A1);
PORTB &= ~(1 << 1);
```

Kwa feni inayozimwa mara chache kwa saa, mimi ningebaki na digitalWrite. Sioni mikrosekunde 4 zitakupunguzia nini.

Kijana wa Kakamega
Nakubali, sikujua hilo la taimeri. Taa zangu sikuwahi kuziwasha kwa analogWrite, ndiyo maana halikunipata.

Mvuvi wa Dunga
Mimi nilihamisha programu ya pampu kutoka Uno kwenda Mega. Nilikuwa nawasha PB5, ambayo kwenye Uno ni pini 13. Kwenye Mega PB5 ni pini 11, na 13 ni PB7. Pampu ikakaa kimya, nikabadilisha relei mbili bure. Nilipolisahihisha hilo nikaongeza pampu ya pili kwenye PORTH, na hiyo huzima yenyewe mara moja moja. Situmii analogWrite popote.

Fundi wa Kondele
Kwenye Mega, anwani ya PORTH iko mbali, kwa hiyo chipu haiwezi kubadilisha biti moja kwa amri moja. Inasoma poti yote, inabadilisha, inarudisha. Intarapti ikiingia katikati na kuandika PORTH hiyohiyo, kazi yake inafutwa. digitalWrite hufunga intarapti kwa muda huo mfupi. Je, pampu hiyo unaiwasha ndani ya intarapti?

Mvuvi wa Dunga
Kuna ya kuhesabu mizunguko ya mita ya maji, lakini sikumbuki kama inagusa PORTH. Programu iko kwenye kompyuta ya ofisini, nitaifungua Jumatatu.