Kesho nina neno la shukrani mkutano wa kijiji, nichekesheje bila kurefusha?

Mzabibu: Wakuu, huku kwetu Chamwino kesho tuna mkutano wa kijiji, ajenda kubwa ni maji. Unaanza saa nne, tukitoka saa tisa tumewahi. Mtendaji kanipa neno la shukrani, anataka watu waondoke wakicheka. Nisemeje?

Kigoda: Dakika moja na nusu, kama maneno 150. Yasome kwa sauti huku umeshika saa. Kinachorefusha ni majina na makofi: ukitaja watu 8, kila mmoja akapigiwa makofi sekunde 10, dakika imepita na hujasema kitu. Sema "itifaki imezingatiwa", shukuru wageni na wananchi kwa sentensi moja, tania mara moja, makofi mara moja, kisha mrudishie mwenyekiti kipaza sauti. Anayefunga ni yeye.

Binti Kongwa: Piga utani wa Wagogo na Wahehe, haukosei.

Kigoda: Unanoga Mhehe akiwepo. Tatizo atajibu, na wewe utamjibu, mkutano umeanza upya. Chukua kitu walichokiona wote siku hiyo.

Mzabibu: Ninao tayari. Mwenyekiti akisema "kwa kumalizia" anaendelea nusu saa. Nitahesabu amemalizia mara ngapi.

Bibi Uwele: Mwenyekiti ni nani wako?

Mzabibu: Kijiji kizima kinamjua kwa hilo.

Bibi Uwele: Sijauliza hilo.

Mzabibu: Ni baba mkwe. Lakini mke wangu nimemsimulia, kacheka sana.

Bibi Uwele: Kwake ni babaye, kwako ni mkweo. Mkwe hataniwi, tena hadharani! Watu hawatacheka, watamtazama yeye kwanza. Ukiona kimya utaanza kujieleza na kuomba radhi, na hapo ndipo utakapowachelewesha.

Dereva Bahi: Kikundi chetu cha kukopeshana shukrani ni soda tu, hakuna hotuba. Soda zipo?

Jicho Kavu: Chai hii. Neno la shukrani ni la mahafali. Mkutano wa kijiji mwenyekiti anafunga, watu wanaondoka.

Mzabibu: Wanakuja watu wa RUWASA, ndiyo maana. Kama ni chai, usinywe.

Kigoda: Wageni wakiwepo, shukrani hutolewa. Mkuu, mnakaa wapi?

Mzabibu: Chini ya mbuyu.

Kigoda: Basi umepata. "Saa nne kivuli kilikuwa kwa wazee. Saa hizi kimehamia kwa mbuzi, na mbuzi hawakuchangia hoja hata moja. Wageni wetu, asanteni kwa kuvumilia jua. Wananchi, asanteni kwa kubaki. Makofi mara moja, mwenyekiti karibu." Hapo hujafika hata dakika. Ila ukisimama ukaona watu wameshabeba vigoda, mbuzi waache, shukuru tu.

Mzabibu: Hii nzuri. Ila ya "kwa kumalizia" inaniuma kuiacha. Nikihesabu bila kumtaja?

Bibi Uwele: Anayesema hivyo hapo kijijini kwenu ni nani mwingine?