Naomba ushauri: jina la hina hii ni la nani hasa?

BintiMvita
Assalaam aleikum wanajamvi. Nina duka dogo la vitu vya harusi huku Mji wa Kale. Kuna hina ya pakiti kutoka India ambayo wateja wangu hawataki nyingine. Jina lake nalisitiri. Sasa kuna mtu aniambia jina hilo hapa Kenya ni lake yeye, na kwamba nikimlipa atanipa uwakala wa Pwani nzima. Cheti amenionyesha. Lakini pakiti yenyewe kwa nyuma imeandikwa kampuni ya India. Nasikia kuna daftari la alama za biashara ambalo mtu hutazama akamjua mwenye jina. Natazama wapi, na nitajuaje kama nimelisoma sawa? Usingizi umenipaa.

KakaWaKongowea
Dada, hilo jepesi. Ingia eCitizen utafute jina la biashara. Ukiliona kwa jina lake, basi ni lake. Mimi nilisajili la duka langu la viatu na hakuna wa kuligusa.

MamaZuleikha
Mwanangu, hina za pakiti ziache. Mwari wangu alipakwa ile nyeusi siku mbili kabla ya harusi, mikono ikafura malengelenge, akaingia ukumbini na glovu. Nunua majani, twanga, chekecha kwa kitambaa cha melimeli. Watu watakuja wenyewe.

KaraniMstaafu
Kaka wa Kongowea amegusa nusu. Jina la biashara lakuwezesha kufungua duka na akaunti kwa jina hilo. Halikupi umiliki wa jina lililo juu ya bidhaa. Hilo liko katika daftari la alama za biashara, nalo kwa Kenya liko KIPI, ofisi ya serikali inayosajili alama hizo, Nairobi. Nimefanya kazi hiyo kwa mawakili miaka mingi na nimeona watu wakilia kwa kuchanganya vyeti hivi viwili. BintiMvita, cheti alichokuonyesha kimeandikwa nini juu?

BintiMvita
Ni cha jina la biashara. Lakini amesema na alama pia ameiombea.

KaraniMstaafu
"Ameiombea" na "amesajiliwa" ni mambo mawili. Fanya hivi. Kwanza ingia Madrid Monitor, daftari la mtandaoni la WIPO, shirika la kimataifa la mali ya ubunifu, bure kabisa, uandike jina. Kampuni za India huweza kusajili kwa mkupuo mmoja katika nchi nyingi wanachama, na Kenya ni mwanachama. Pili, peleka KIPI ombi la utafutaji kwa fomu TM 27, kundi la 3, maana hina ya kupaka iko pamoja na manukato na vipodozi. Usitafute bila kutaja kundi. Jina lilo hilo laweza kuwa la mwengine kwenye majani ya chai, na wala wasigombane.

BintiMvita
Nimeingia Madrid Monitor. Jina lipo! Lakini kuna majina mawili ya kampuni, sijui lipi ndilo. Nimenakili, nikaacha majina:

```
151  14.06.2016
180  14.06.2026
732  (kampuni ya India)
740  (kampuni ya Mumbai)
511  3
832  OM - SG
```

Kwa hivyo la Wahindi tangu 2016, si ndiyo? Yule mtu ni mwongo.

KaraniMstaafu
Pole pole, dada. Mwenye mali ni aliye `732`. Wa `740` ni mwakilishi tu, yaani wakili wao. Wengi humwandikia huyo barua wakidhani ndiye mwenyewe. Linganisha jina la `732`, herufi kwa herufi, na lililo nyuma ya pakiti yako. Kisha tazama `832`, ndizo nchi walizochagua. OM ni Omani, SG ni Singapo. KE siioni hapo. Alama iliyosajiliwa Omani haimlindi mtu Mombasa. Shuka chini kabisa ya ukurasa, kwenye historia, uone kama waliongeza nchi baadaye.

BintiMvita
Ipo chini:

```
891  03.09.2024
832  KE
```

KaraniMstaafu
Hapo ndipo wengi huteleza. Tarehe ya juu ni 2016, lakini kwa Kenya haki yao kwa njia hii yahesabiwa tangu 3 Septemba 2024, siku Kenya ilipoongezwa. Kama mtu wako aliomba KIPI kabla ya siku hiyo, katika daftari yeye ametangulia. Twahitaji tarehe yake. Na kabla hatujaendelea: umeshamlipa?

BintiMvita
Hilo la malipo si muhimu sana.

KaraniMstaafu
Ni muhimu.

BintiMvita
Nimetoa arbuni ya shilingi 150,000. Na mtu mwenyewe ni shemeji yangu, ndugu wa mume wangu. Lakini msinielewe vibaya, ni mtu wa swala tano, na Ramadhani ilikuwa karibu, ningechelewa ningekosa mzigo. Mume wangu pia aliona ni sawa.

UstadhWaBondeni
Ndiyo maana tukaambiwa deni liandikwe na mashahidi wawepo, hata baina ya ndugu. Mmeandikiana?

BintiMvita
Kwa simu tu. Ujumbe upo.

PwezaMkavu
Jamani, mimi siamini. Jana ni "mtu", leo ni shemeji. Jana hajui daftari liko wapi, leo atuletea namba kama wakili. Huyu ndiye shemeji mwenyewe, ataka kujua kama Wahindi wamewahi kumpiku.

KakaWaKongowea
Hata mimi naanza kuona hivyo. Mwenye duka la hina asijue nani amletea mzigo?

BintiMvita
Wallahi si shemeji mimi. Niliona haya kumtaja, anakula kwangu kila Ijumaa. Namba nimenakili tu kwenye simu nilivyoelekezwa.

KaraniMstaafu
Awe shemeji, awe nani, daftari husomwa vilevile. Peleka TM 27.

BintiMvita
Siku sita zimepita, jibu limekuja. Kundi la 3 kuna ombi moja, kwa jina la shemeji, la tarehe 12 Februari 2024. Limetangazwa kwenye jarida la KIPI mwezi uliopita. Kwa hivyo ametangulia, sivyo? Basi sikukosea kumlipa.

KaraniMstaafu
Ametangulia kuomba, bado hajasajiliwa. Tangu siku ya tangazo kuna siku 60 za mtu kupinga, na siku hizo zinakwenda sasa. Wahindi wakipinga, hawatasimama kwenye ile Septemba pekee. Watasema hina yao ilikuwa inauzwa Kenya kabla ya Februari 2024, na kwamba aliyeomba alijua si yake. Hilo daftari halikuonyeshi, lahitaji ushahidi. Wakishinda, uwakala wako hauna mizizi. Nisingetoa senti nyingine kabla siku 60 hazijaisha.

UstadhWaBondeni
Na ushahidi huo wataupata wapi, nao wako India?

KaraniMstaafu
Kwa walioiuza hapa. BintiMvita, wewe hina hiyo umeanza kuiuza lini?

BintiMvita
2018. Nilikuwa nanunua kwa muuzaji wa jumla, Barabara ya Biashara.

KaraniMstaafu
Risiti unazo?

BintiMvita
Zote. Ziko kwenye mkebe wa biskuti chini ya kaunta, na jina la hina limeandikwa kila moja. Shemeji ajua mkebe ulipo.