Matunda meusi ya porini, ndege wanayala, je naweza kuyala? (picha mbili)

MpitaNjia
Wakuu habarini, nimechuma haya matunda madogo meusi pembeni ya msitu, picha ya kwanza yako kwenye bakuli, ya pili ni mti wenyewe. Ndege wamekuwa wakiyashambulia tangu asubuhi na hakuna hata mmoja aliyeanguka, kwa hiyo nadhani ni salama ila nataka uhakika. Naomba jibu la haraka.

Bi Mkunazi
Sisi tulikula kila tunda la porini na tupo. Watoto wa siku hizi hata mkunazi hawaujui, kutwa simu.

Chura_wa_Kisimani
Muulize ndege mwenyewe mkuu 😂

Shamba la Babu
Hiyo ni mnavu. Ukiwa mbichi wa kijani una sumu, ukiiva ukawa mweusi hauna shida. Mimi mwaka juzi nililima mnavu, wadudu wakamaliza wote, bado nina hasira nao mpaka leo.

Fundi Mbegu
Babu hapo kwenye kuiva uko sawa, lakini tunda jeusi kwenye bakuli halina jina. Na hili la ndege tuliache kabisa. Ndege anameza tunda zima bila kutafuna, nyama inasagika, mbegu mara nyingi inatoka nzima upande wa pili, tena mwili wake si wetu. Pilipili kichaa anaidonoa kama karanga kwa sababu ule ukali hausikii kabisa, wewe itafune utuletee majibu. Halafu huyo ndege umemfuata jioni ukajua alilala salama? MpitaNjia, haraka ya nini?

MpitaNjia
Nataka kutengeneza jamu tu.

Shamba la Babu
Ndege sawa, ila nyani akila unaweza kula, hilo halina ubishi.

Fundi Mbegu
Lina ubishi. Nyani anachagua lililoiva na mbegu anaweza kuitema, wewe uliye mbali unaona amekula tu. Jamu haina haraka hivyo. Nani amekula?

MpitaNjia
Sawa. Mtoto wa dada yangu ana miaka minne, niliyaacha mezani akala kama kiganja kimoja, na kuna ya kijani yalikuwemo. Imepita saa moja na nusu sasa tangu ale lakini amepewa maziwa na anacheza vizuri tu, sioni haja ya kumsumbua na hospitali, nitamwangalia mpaka jioni.

Bi Mkunazi
Maskini mtoto. Unaacha vitu mezani halafu unakuja kuuliza watu?

Kamusi ya Mtaa
Subirini, hii ni chai. Zimeni sauti muangalie picha. Ya pili majani yanapishana, moja huku moja kule. Kwenye bakuli kuna kijiti kimebaki na majani mawili yanatazamana. Mti mmoja kwa kawaida hauwi na majani ya aina mbili hivyo. Kachukua picha za watu anatafuta kiki.

Fundi Mbegu
Kamusi una jicho, ila mimi naona kitu kibaya zaidi ya chai. MpitaNjia, ulichuma vichaka vingapi?

MpitaNjia
Viwili, vimekaribiana sana na matunda yanafanana. Kimoja kina vimaua vingi vidogo vya njano na pinki vimekaa pamoja, majani yanakwaruza na ukiyafikicha yananuka vikali. Sikuona umuhimu wa kusema.

Fundi Mbegu
Hiyo inafanana na lantana. Mnavu una kimaua cheupe chenye njano katikati na majani laini. Chukua tunda tofauti tofauti ulipasue, usionje. Mnavu utakuta vimbegu vingi vidogo bapa, lantana ni kokwa moja ngumu. Lakini fanya hivyo ukiwa njiani, maana ya kijani ndiyo yanayoogopwa zaidi na dalili zinaweza kuchelewa masaa kadhaa, kutapika, kulegea, kupumua kwa shida. Kucheza kwake sasa hivi hakukuambii kitu, na maziwa si dawa ya sumu. Usimtapishe. Kata tawi la kila kichaka lenye jani, ua na tunda, nenda nayo, na useme muda aliokula.

MpitaNjia
Kwani ukiangalia picha vizuri huwezi kusema ni salama? Mengi yalikuwa meusi kabisa.

Fundi Mbegu
Siwezi. Na hata nikijua ni mimea gani, sijui yeye alikula ya kichaka kipi na mangapi ya kijani. Nenda.

Shamba la Babu
Mi bado naona ni mnavu.

Kamusi ya Mtaa
Na mimi bado naona ni chai. Ila ikiwa kweli, kimbia.

MpitaNjia
Nimepasua sita. Manne yana vimbegu vingi, mawili yana kokwa. Tupo kwenye bodaboda, matawi yako kwenye mfuko. Dada bado sijamwambia.