Tupeane uzoefu: alama ya kundi ikizidishwa kwa maksi za wenzako, wastani wako ulifika wapi?

BintiMikindani
Habari za jioni wapendwa. Naanza na langu. Nasoma chuo kimoja hapa Mtwara. Mradi wa kundi ni alama 15 kati ya 100 za somo. Tulikuwa wanne na kundi likapata 72%. Kila mmoja alipewa maksi 100 azigawe kwa wenzake watatu bila kujipa mwenyewe, kwa siri. Maksi ulizopokea zinagawanywa kwa wastani wa kundi, ambao ni 100, na jibu ndilo kizidisho chako.

Mimi nilipokea 114, wawili wakapata 108 na 109, na mwenzetu aliyekuwa kwao Newala kwenye korosho akapata 69. Kwa hiyo mimi 72 × 1.14 ni 82, yeye 72 × 0.69 ni karibu 50. Kwenye somo zima nilipanda kutoka 68.6 hadi 70.1, na kwetu A inaanzia 70. Nimefurahi, sifichi. Ninyi ilikuwaje?

KakaChuno
Hongera dada, ila mfumo huu ni wa kikatili. 0.69 maana yake mwenzenu amepoteza asilimia 31 ya somo. Huyo anarudia!

Mwl_Nachingwea
Kaka, umepatia kwamba anaumia, ila si kwa kiasi hicho. Asilimia 31 imekatwa kwenye mradi tu. Angepata 10.8 kati ya 15, sasa anapata karibu 7.5. Amepoteza alama 3.3 za somo. Kama alikuwa na 52 anashuka hadi 48.7, yaani B inakuwa C. Inauma, lakini mtihani wa mwisho bado ndio unaobeba uzito mkubwa.

Na A ya Binti isipimwe kwa hamu tu. Somo la krediti 12 katika muhula wa krediti 60, kutoka B+ (4) kwenda A (5), linaongeza 0.2 kwenye GPA ya muhula. Kwenye krediti 360 za digrii nzima ni 0.03 hivi. Asiyevuka mpaka wa daraja hapati hata hiyo, kwa sababu GPA inahesabu daraja, haihesabu alama zenyewe.

MamaRondo
Mimi nilijua mnazungumzia michango ya kuchapisha ripoti. Sisi aliyelipa zaidi ndiye tuliyempa maksi nyingi. Si ndivyo?

BintiMikindani
Hapana mama, fomu yetu iliuliza nani aliandika, nani alikwenda Msimbati kukusanya takwimu na nani alihudhuria vikao. Pesa haikuwemo.

Lindi_Ng'apa
Kwetu mmoja hakujaza fomu kabisa, na ajabu ni kwamba alama yake ilipanda. Mpaka leo sijaelewa.

Mwl_Nachingwea
Hapo ndipo penye kosa ninalokutana nalo mara nyingi. Chukua kundi la Binti, tuseme yule wa Newala hakujaza. Yeye bado anapokea kutoka kwa watatu, jumla 69. Lakini kila mmoja wa wengine anapokea kutoka kwa wawili tu: 78, 76 na 77. Wastani unashuka hadi 75, na 69 kwa 75 inakuwa 0.92. Mtoro ameruka kutoka 50 hadi 66 kwa kutojaza fomu!

Dawa yake ni kugawa kwanza maksi za kila mtu kwa idadi ya waliompa. Binti anakuwa na 39, mtoro 23, na wastani wa wote wanne ni 34.6. Kizidisho cha mtoro kinarudi 0.66. Ukiona asiyejaza amepanda, mwombe mwalimu aonyeshe amegawa kwa ngapi.

Shangani_2
Mimi ndiye niliyepewa chache. Nililazwa wiki ambayo wenzangu waliandika ripoti, nikapata 0.7. Cheti cha hospitali ninacho, lakini fomu haikuwa na mahali pa kukiweka. Niliambiwa wenzangu ndio wameamua.

Mwl_Nachingwea
Pole sana mwanangu. Walimu wengine huchukua kipeuo cha pili cha kizidisho ili kupunguza makali: 0.69 inakuwa 0.83, na 50 ile inakuwa karibu 60, huku Binti akishuka kutoka 82 hadi 77. Lakini hiyo inamsaidia mgonjwa na mvivu sawasawa. Kwa mgonjwa, mimi naona alama irekebishwe nje ya hesabu hii, kwa kikao.

KakaChuno
Na marafiki watatu wakikubaliana kumkandamiza wa nne?

Mwl_Nachingwea
Maksi zenyewe hazitakuonyesha, zinafanana na za mtoro wa kweli. Mimi huomba kumbukumbu za vikao na rasimu zenye majina, ila kuna makundi yasiyokuwa nazo.

Shangani_2
Letu halikuwa nazo.