Mrejesho: uzinduzi wa riwaya yangu

Niliuliza: "Riwaya iko tayari, mfuko umetoboka. Nizindueje?"

Jamani, nimerudi. Wiki sita kabla ya siku yenyewe niliwatumia watu 20 faili la kitabu. Waliomaliza ni 11, na ndio walionibeba. Picha ya jalada mtandaoni ilipita kimya. Msomaji mmoja alipolalamika kwamba nimemuua mhusika wake kipenzi, nikaweka lalamiko lake kama lilivyo, oda zikaanza.

Duka la vitabu lilipokea nakala 15 kwa mali kauli. Hapo niliteleza: hatukuandikishana tarehe ya kuhesabu wala nani abebe hasara ya zilizochakaa. Juzi tumehesabu: zimebaki nne, mbili zimekunjika kona. Hizo mbili nimezibeba mwenyewe.