Nimelipa shilingi 1,200 ili ripoti yangu isomeke vizuri, nikarudishiwa "aidha" na "isitoshe"

Binti wa Dunga (Kisumu)

Ndugu wanabaraza, nimekaa na hasira hii tangu Jumatatu. Mimi ni mwanafunzi wa ualimu hapa Kisumu, somo langu ni Kiswahili, na nimeandika ripoti ya kurasa 12 kuhusu gugumaji na uvuvi katika ufuo wa Dunga. Msimamizi wangu hakupata kosa la sarufi wala la tahajia. Aliandika pambizoni maneno haya tu: "Sentensi zote zinaanza sawa. Maneno yamekakamaa. Rekebisha." Namna ya kurekebisha hakusema, na nilipomfuata alikuwa na haraka ya kwenda darasani. Nikapeleka kazi kwa mtu anayehariri katika saiba moja mjini, anayetoza shilingi 100 kwa ukurasa. Aya yangu ya kwanza ilikuwa hivi:

> Gugumaji huelea juu ya maji. Gugumaji husukumwa na upepo hadi ufuoni. Gugumaji huzuia mashua kutoka. Gugumaji hufanya uharibifu wa nyavu. Wavuvi huweza kukaa siku kadhaa bila mapato kwa sababu ya kutokuwepo kwa uwezo wa kuingia ziwani.

Naye akanirudishia hii:

> Kwanza kabisa, gugumaji huelea juu ya maji. Aidha, gugumaji husukumwa na upepo hadi ufuoni. Isitoshe, gugumaji huzuia mashua kutoka. Hali kadhalika, gugumaji hufanya uharibifu wa nyavu. Fauka ya hayo, wavuvi huweza kukaa siku kadhaa bila mapato kwa sababu ya kutokuwepo kwa uwezo wa kuingia ziwani.

Hiyo ni aya yangu ileile, imevishwa kofia tano. Tena amenipotoshea maana, kwa sababu mashua hazishindwi kutoka "isitoshe". Zinashindwa kutoka kwa kuwa upepo umelileta gugumaji ufuoni. Mambo yaliyokuwa yakisababishana ameyapanga kama bidhaa kwenye risiti. Nilipolalamika alinijibu kwamba sentensi sasa hazianzi sawa, kwa hiyo kazi imekwisha. Je, ni haki?

Mkazi wa Nakuru

Pole, dadangu. Mimi nilichapiwa barua ya kuomba kazi hapa Nakuru, wakakosea jina la mwajiri, na pesa hawakurudisha. Dai stakabadhi kwanza, halafu rudi kwake akiwa na wateja wengine mbele yake.

Binti wa Dunga

Ahsante, lakini pesa ni nusu tu ya uchungu wangu. Ripoti yenyewe bado imekakamaa na nimepewa hadi Ijumaa.

Msomi wa Maseno

Dawa ni rahisi kuliko mnavyodhani. Anzisha sentensi kwa mahali au wakati: "Katika ufuo wa Dunga, gugumaji huzuia mashua." "Katika msimu wa upepo, gugumaji husukumwa." Mimi nilipita hivyo hivyo.

Mwalimu Mstaafu (Kakamega)

Ndugu wa Maseno, hilo linafaa mara moja au mbili, pale ambapo mahali penyewe au wakati wenyewe una uzito. Ukilifanya kila sentensi, msimamizi ataandika kwamba zote zinaanza na "katika", na gugumaji litakuwa bado linatajwa kila mstari.

Binti yangu, mhariri amekukosea, lakini shida ya rasimu yako imeanzia kwenye "hu-". Kitenzi cha Kiswahili kwa kawaida humbeba mtenda ndani yake. Ukiandika "linaelea", msomaji anajua kwamba bado tuko kwenye gugumaji, na jina lenyewe linaweza kupumzika kwa sentensi kadhaa. "Huelea" haina kiambishi hicho. Kinachoelea kinaweza kuwa gugumaji, mashua au kiboko aliyekufa. Kwa kuwa uliishikilia "hu-" tangu mwanzo hadi mwisho, ulilazimika kutaja gugumaji kila mara, la sivyo msomaji angepotea. Sikio lako halikukosea. Ulijifungia mlango wa kutokea.

Iache "hu-" itangaze mwanzoni kwamba jambo hili ni la kawaida, kisha endelea na viambishi vinavyobeba ngeli:

> Gugumaji huelea juu ya maji, na upepo ukivuma kutoka ziwani linasukumwa hadi ufuoni. Likishafunga njia, mashua hazitoki. Nyavu nazo zinaharibika, na huenda wavuvi wakakaa siku kadhaa bila mapato kwa kuwa hawawezi kuingia ziwani.

Sikuhesabu mianzo ya sentensi hata kidogo. Nilifuata kinachosababisha kingine, nikaacha "-ki-" ishike kazi ambayo mhariri wako aliitwika "isitoshe", na mianzo ikatofautiana yenyewe. Ukakamavu ulikuwa kwenye vitenzi ulivyovigeuza kuwa majina. "Hufanya uharibifu wa" ni "huharibu" iliyovaa tai, na "kutokuwepo kwa uwezo wa kuingia" ni "kutoweza kuingia". Ile "huweza" yako ilimaanisha kwamba jambo hutokea siku nyingine na siku nyingine halitokei, ndiyo maana nikaweka "huenda". Palipo na uwezo wa kweli, kama mvuvi kuingia au kutoingia ziwani, "weza" ibaki.

Binti wa Dunga

Mwalimu, shikamoo, na ahsante. Miaka minne ya sekondari niliambiwa kwamba mtindo ni viunganishi, nikakariri orodha nzima ya "fauka ya" na "licha ya", na hakuna aliyewahi kunionyesha jambo hili la "hu-". Hasira yangu sasa imehama kutoka saiba. Nimejaribu ukurasa wa pili:

> Mashua zinapopita juu ya nyavu usiku, zinakatika bila mwenyewe kujua. Wavuvi wanawafuata mbuta kwenye kina kirefu, na wanazidi kupungua.

Mwalimu Mstaafu (Kakamega)

Marahaba. Sasa umeruka upande wa pili wa mtaro. Mashua na nyavu zote ni "zi-", kwa hiyo ulivyoandika, mashua ndizo zinazokatika. Wavuvi na mbuta wote ni "wa-", nasi hatujui ni nani anayepungua. Hapo rudia jina bila aibu: "nyavu zinakatika", "na mbuta wanazidi kupungua". Jina linaweza kuachwa pale tu ambapo hakuna jingine la upatanisho huohuo lililosimama karibu.

Karani wa Bungoma

Naomba kupinga kidogo. Nimechapa ripoti za ofisi kwa muda mrefu, na wakubwa wanaipenda "hu-" kwa sababu inasikika rasmi. "Linasukumwa" ni kama mtu anayesimulia kilichopo mbele ya macho yake leo. Msimamizi akiwa wa zamani, atakata alama.

Mwalimu Mstaafu (Kakamega)

Hilo ni kweli kwa baadhi ya wasimamizi, na siwezi kumsemea huyu nisiyemjua. Anayeogopa "-na-" anaweza kuunganisha vitenzi viwili vya "hu-" chini ya jina moja, "gugumaji husukumwa hadi ufuoni na huzuia mashua", ingawa ukiendelea hivyo ukurasa mzima utachosha vilevile.

Binti wa Dunga

Nitamuuliza kesho kabla hajaingia darasani, hata kama ni mlangoni. Wakati huohuo nimepigia mstari maneno mawili ya kwanza ya kila sentensi katika ripoti nzima, na sentensi 37 zinaanza na "Gugumaji". Jioni nitamsomea mama, ambaye huuza omena pale ufuoni na hana subira na maandishi, na kila atakaponikatiza aulize "nani huyo?", hapo jina linarudi. Yule wa saiba ameniahidi nusu ya pesa, akaongeza kwamba ile orodha ya viunganishi alifundishwa na mwalimu wake.