Ati simu yangu "ina njaa"! Pawabenki ya 20,000 haifikishi hata chaji 3

Mkali_wa_Umoja:
Wakuu, yule jamaa wa chini ya ngazi, mwenye spika kubwa kuliko duka lenyewe. Mnamjua nyote, sina haja ya kumtaja. Amenitusi sasa hivi mbele ya foleni nzima. Ati "simu yako ina njaa."

Simu. Ina. Njaa.

Pawabenki imeandikwa 20,000mAh kwa herufi ambazo hata aliye Ngong anazisoma. Simu ni 5,000mAh. Mtoto wa chekechea atakwambia ni mara 4. Inajaza mara 2 na nusu, taa ya mwisho inakonyeza jicho, kwisha. Hiyo chaji 1 na nusu imeenda wapi? Imepanda matatu ikaenda ushago? Namuuliza kwa heshima zote, "bosi, hii mbona imepunguka", anaiangalia simu kama daktari wa ng'ombe, anasema ina njaa. Mama aliyekuwa ananunua kava akaacha kununua ili acheke vizuri.

Sitaki sayansi. Nataka chaji yangu 1 na nusu.

Toroka_Uje:
Lakini simu ya kutazama mpira kuanzia asubuhi itakosaje njaa, ndugu yangu?

Hesabu_Kwanza:
Hujaibiwa, ni volti tu. Seli za ndani ni za 3.7V na mlango wa USB unatoa 5V. Zidisha 20,000 kwa 3.7, gawanya kwa 5, unapata 14,800. Hizo ndizo mAh zako halisi. Gawanya kwa 5,000 za simu, ni karibu 3. Kila pawabenki iko hivyo.

Fundi_wa_Seli:
@Hesabu_Kwanza umepiga hesabu upande mmoja ukasahau wa pili. Umeipandisha pawabenki hadi 5V lakini simu umeiacha kwa volti zake. Betri ya simu nyingi za siku hizi ni ya 3.8V na kitu, si 5V. Simu ikipokea 5V inazishusha, na zikishuka mkondo unaongezeka. Kwa hiyo zile mAh ulizosema zimepotea njiani, nyingi zinarudi ndani ya simu. Volti peke yake haili chaji.

Achaneni na mAh, pimeni kwa wati-saa. Pawabenki yake ina 20,000mAh kwa 3.7V, yaani 74Wh. Betri ya simu ni 5,000mAh kwa 3.87V, yaani kama 19.4Wh. Gawanya: ni 3.8. Bado karibu mara 4! Mwizi basi ni joto, na anaiba mara mbili. Anaiba kwanza kwenye saketi ya pawabenki inayopandisha volti, halafu anaiba tena simu inapozishusha na kuzisukuma ndani ya betri. Ndiyo maana zote mbili zinapata joto ukizishika.

Sasa geuza hiyo pawabenki usome maandishi madogo mgongoni, yale ya kusomwa na tochi. Utakuta kitu kama `12,000mAh 5V/3A`. Hiyo ndiyo ahadi ya kweli ya mtengenezaji: 12,000 kwa 5V ni 60Wh zinazotoka mlangoni. Simu nayo, ili ihifadhi 19.4, itavuta kama 22. 60 kwa 22 ni mara 2.7, hapo ukiwa umeizima. Ukiichaji huku skrini inawaka, simu inakula na kuweka akiba kwa wakati mmoja. Mara 2 na nusu ni sawa kabisa. Una pawabenki ya kweli.

Mkali_wa_Umoja:
Kwa hiyo na wewe unasema simu yangu ina njaa??

Fundi_wa_Seli:
Nimesema skrini inawaka.

Toroka_Uje:
Amesema ina njaa, kwa Kiswahili cha fundi.

Mkali_wa_Umoja:
Kama 12,000 ndiyo ukweli, kwa nini 20,000 imeandikwa kwa herufi za bango na 12,000 kwa herufi za sisimizi? Na kwa nini MIMI ndiye nichekwe? Hata kama pawabenki ni nzima, angesema "mteja, soma nyuma." Ni maneno matatu! Yeye kaona njaa.

Shosh_Digitali:
Wanangu, yangu ni ya 100,000mAh na haijazi simu hata mara 2. Ni nyepesi vizuri, naibeba kwenye mkoba hata siisikii. Nayo shida ni joto?

Fundi_wa_Seli:
Pole shosh, hiyo si joto. Hiyo ni uongo mtupu. Seli nzuri ya mviringo, ile ya 18650, inabeba kama 3,500mAh na ina uzito wa gramu 45 hivi au zaidi kidogo. Ili ufike 100,000 unahitaji seli 29, na hapo umeshapita kilo 1.3 kabla ya kava na saketi. Ungeisikia mkobani, na bega lingesikia pia. Ipeleke kwenye mizani ya muuza nyanya. Ya 20,000 ya kweli huwa gramu 350 na kuendelea. Lakini uzito peke yake usikutulize, kuna zilizofunguliwa zikakutwa na mchanga.

Kipimo_Mkononi:
Mimi siongei kwa mizani, nina kipima-USB. Yangu pia imeandikwa 20,000, nimeimwaga yote hadi ikazima, kipima kimesoma 6,600mAh. Sita! Hata hizo 12,000 za sisimizi hazifiki. Nani ananipa nauli nikamrudishie?

Fundi_wa_Seli:
Wakati unaimwaga, kipima kilikuwa kinaonyesha volti ngapi?

Kipimo_Mkononi:
9. Ni chaji ya haraka. Kwani?

Fundi_wa_Seli:
6,600 kwa 9V ni 59Wh. Kumbe unayo ile ile 12,000 kwa 5V, imepimwa kwa volti kubwa tu. Kwenye kipima soma mstari wa Wh, ule wa mAh utakugombanisha na watu. Okoa nauli.

Hesabu_Kwanza:
Narudi kwa hoja yangu. Kabambe yangu haishushi volti kwa akili hivyo. Inapitisha mkondo ule ule na tofauti ya volti inageuka joto. Kwa simu kama hiyo hesabu yangu ya 14,800 inasimama.

Fundi_wa_Seli:
Kama saketi yake ya chaji ni ya aina hiyo, ni kweli. Lakini umejuaje bila kuifungua?

Hesabu_Kwanza:
Inapata moto.

Fundi_wa_Seli:
Hata ya kwake inapata moto, nimetoka kusema.

Pipeline_Gizani:
Samahani kwa kuingilia, huku stima zimepotea tena. Hiyo ya 20,000 inaweza kuwasha ruta ya WiFi? Nimenunua kebo ya kupandisha volti kutoka 5 hadi 12, ruta inawaka, inazima, inawaka.

Kipimo_Mkononi:
Angalia mlango uliochomeka. Ukiwa `5V/2A` unatoa wati 10. Adapta ya ruta ikiwa imeandikwa `12V 1A` hizo ni wati 12, na kebo nayo inakula kidogo. Ruta ikianza kuvuta kwa nguvu, mlango unajikata. Jaribu mlango wa 3A.

Toroka_Uje:
Ruta ina njaa.

Mkali_wa_Umoja:
WEWE.

Pipeline_Gizani:
Nimehamia wa 3A, imekaa dakika kadhaa sasa. Itafika asubuhi?

Kipimo_Mkononi:
Ikivuta wati 6, toa za kebo, hesabu kama saa 8 au 9.

Hesabu_Kwanza:
Kwa 14,800 au kwa 12,000?